Eozinofili zikipanda katika damu: minyoo, alerji, na hatari ya kumeza deksa mbele ya kupima

Kwenye karatasi inayotoka laboratware, chini ya mustari ya malaria na ya damu, kunakuwaka mustari mumoja ambao wagonjwa wengi hawaulize maana yake. Laborantini anaandika GB, kiisha FL, kiisha herufi tano zenye namba: N, L, M, E, B. Mutu anaangalia kama wameandika malaria, anaona hakuna, anakunja karatasi anaweka mufukoni. Lakini kama kwenye herufi E kumeandikwa 15, 20 ao 30, ile karatasi imeshasema jambo kubwa. Na kuna dawa moja, inayouzwa karibu kila farmasi ya mitaa yetu, ambayo inaweza kufuta ile namba kwa siku moja na kuacha ugonjwa uendelee kwa kificho.

GB ni globili nyeupe, askari wa mwili. FL, formili lekositeri, ni hesabu ya kabila zao: kwa globili nyeupe mia moja, ngapi ni za namna gani. E ni eozinofili. B ni bazofili. Hizi mbili ni kabila ndogo. Kwa mutu muzima asiye na shida, eozinofili zinakuwa hivi moja mpaka tano kwa mia, na bazofili hazifike hata moja kwa mia.

Majina yao yanatoka kwenye rangi. Mujerumani Paul Ehrlich, mwaka 1879, alikuwa anapaka damu kwenye kioo na kuitia rangi za kiwanda ili aone kitu gani kinashika rangi gani. Chembe fulani zilikuwa na punje nyingi ndani zilizovuta rangi nyekundu inayoitwa eozini, akaziita eozinofili, ni kusema zinazopenda eozini. Ingine zilikuwa na punje kubwa zilizovuta rangi ya buluu, rangi yenye asili ya bazi, zikaitwa bazofili. Hata leo kazi ni ileile. Jimsa ambayo laborantini anatumia kwa kutafuta malaria ina eozini ndani, pamoja na rangi ya buluu. Kwa hiyo kituo cha afya chenye mikroskopi, kioo na Jimsa kinaweza kuona eozinofili: chembe yenye kiini cha vipande viwili sawa miwani, na punje za rangi ya chungwa zimeijaza. Bazofili inaonekana yeusi-buluu, punje zimefunika mpaka kiini.

Hapa kuna kosa moja la kuelewa mbele ya kuendelea. Asilimia peke yake inadanganya. Mutu mwenye globili nyeupe 4.000 na E 10 ana eozinofili 400 kwa mikrolita moja ya damu, na hiyo iko ndani ya mipaka. Mwenye globili nyeupe 15.000 na E 10 ana 1.500, na huyo anahitaji kuangaliwa vizuri. Hesabu ni nyepesi: chukua GB, zidisha kwa E, gawanya kwa mia. Kupita 500 zimepanda. Kati ya 500 na 1.500 ni kupanda kidogo, toka 1.500 mpaka 5.000 ni katikati, juu ya 5.000 ni sana. Tena, laborantini akihesabu chembe mia moja tu, namba ndogo haina nguvu. E 5 iliyopatikana kwa chembe mia moja inaweza kuwa kwa kweli 2 ao 11, ni bahati ya kioo. Kwa bazofili ni mubaya zaidi: kuona moja ao kukosa hata moja hakuambie kitu. Njo maana karatasi nyingi zimeandikwa B 0 na hakuna muganga anayeshituka.

Sasa, hizi chembe zinafanya nini?

Eozinofili zinazaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, pamoja na globili zingine. Zinapita katika damu kwa saa chache tu, halafu zinaingia kwenye nyama za mwili: utumbo, mapafu, ngozi. Huko njo kwao. Kwa kila moja inayoonekana katika damu, kuna mamia zimejificha katika nyama. Kwa hiyo kioo kinaonyesha tu zile ziko njiani, sawa kuhesabu askari wa kambi kwa kuangalia wale wanaopita barabarani.

Globili nyeupe za kawaida zinakula mikrobe: zinaizunguka na kuimeza. Munyoo hauwezi kumezwa. Hata mutoto wa munyoo, ule usioonekana kwa macho, ni mukubwa mara nyingi kuliko globili. Mwili ulitafuta njia ingine. Kwanza unafunika ngozi ya munyoo na antikori, halafu eozinofili zinakuja zinajibandika kwake nyingi-nyingi, zinafungua punje zao na kumwaga sumu juu ya ile ngozi. Ndani ya zile punje kuna protini zinazotoboa ngozi ya munyoo muchanga. Kwa munyoo muzima ulioshakaa ndani ya utumbo, kazi hii haina nguvu sana. Kwa mutoto wa munyoo anayesafiri ndani ya nyama, inasaidia.

Ile sumu haichague. Inachoma munyoo na inachoma pia nyama ya mwenyewe. Mutu akikaa na eozinofili juu ya 1.500 kwa miezi mingi, zinaweza kuharibu moyo, mapafu ao mishipa, hata kama kilichozipandisha kimesahaulika.

Bazofili ni jamaa zao, chache lakini zenye haraka. Juu ya ngozi yao zimebeba antikori ya namna moja inayoitwa IgE. Kila IgE imefundishwa kutambua kitu kimoja: ngozi ya askarisi, ao vumbi, ao karanga, ao sumu ya nyuki. Kile kitu kikirudi na kugusa zile IgE, bazofili inafungua punje zake na kutoa istamini. Istamini njo inaleta kuwasha, kuvimba, mafua ya maji, kifua kubana. Bazofili inatoa pia ujumbe wa kemikali unaoamsha zingine na kusukuma mwili utengeneze IgE zaidi. Kuna chembe zingine za kukaa palepale katika nyama, mastositi, zinazofanya kazi karibu ileile, na kwa alerji ya gafula zile njo zenye lawama kubwa. Upande wa uboho, ujumbe mwingine unaoitwa interlekini 5 unaamuru eozinofili zitengenezwe kwa wingi na zisikufe haraka. Kupanda kwa E kwenye karatasi ni ule ujumbe umefika.

Kwa hiyo alerji na minyoo ni vita vya silaha moja. Ndani ya alerji, mwili unaona vumbi la nyumba ao chavua ya maua na kuvipigana sawa vile vingekuwa munyoo. Ndiyo sababu asma, egzema na mafua ya alerji vinapandisha eozinofili, lakini kwa kawaida ni kupanda kidogo: 600, 800, mara chache kupita 1.500. Mutu wa kwetu mwenye kifua kinacholia filimbi na eozinofili 2.200, mbele ya kumuandikia asma na kumaliza, lazima kutafuta minyoo.

Na si kila kitu tunachoita minyoo. Hapa waganga na wagonjwa wanakosea pamoja. Amiba haipandishe eozinofili. Jiardia pia hapana. Ni vidudu vya chembe moja tu, mwili unavipigana kwa njia ingine. Karatasi yenye amiba na E 20 ina maana kwamba kuna kitu kingine tena, hata kama dawa ya amiba imeshaandikwa. Malaria na maambukizo makali ya bakteria, wao, vinashusha eozinofili. Mutoto mwenye malaria kali anaweza kuwa na minyoo mingi na E 0, halafu siku chache kisha kutunzwa E inapanda gafula. Si dawa ya malaria iliyoleta jambo, ni eozinofili zilizokuwa zimefichwa zinarudi.

Kinachopandisha zaidi ni munyoo unaosafiri. Askarisi ni mufano muzuri. Mutu anameza mayai kwa mikono ao mboga isiyooshwa, watoto wa munyoo wanatoboa utumbo, wanapita kwenye ini, wanafika kwenye mapafu, wanapanda kooni, wanamezwa tena. Safari hii inachukua hivi juma moja ao mawili, na wakati huo kunaweza kuwa kikohozi kikavu, homa kidogo, filimbi ndani ya kifua, na eozinofili zinapanda sana. Muganga wa Uswisi Wilhelm Löffler aliandika juu ya hali hii mwaka 1932: doa kwenye radiografia ya mapafu linalotoweka peke yake, na eozinofili nyingi. Lakini mayai ya askarisi hayaonekane katika choo mbele ya miezi miwili ao zaidi. Kwa hiyo siku ambayo damu inapiga kelele, choo kinajibu kwamba hakuna kitu. Kiisha miezi, askarisi imekomaa ndani ya utumbo, choo kimejaa mayai na damu imetulia. Mwenye kupima choo mara moja na kuambiwa «hakuna minyoo» hajapata jibu kamili.

Ankilostomi inapandisha pia, na inakunywa damu, kwa hiyo karatasi inaonyesha E juu na emoglobini chini. Bilarizia ya matumbo, inayojulikana sana kandokando ya ziwa Albert huko Ituri na kwenye ziwa Tanganyika, inapandisha hasa majuma machache kisha mutu kuingia maji: homa, kikohozi, kuwasha, na choo ambacho hakijaonyesha yai. Filaria, pamoja na ile ya onkoserkozi inayoletwa na inzi wa mito ya mbio, inapandisha na kuleta kuwasha kwa miaka.

Lakini kuna munyoo mumoja ambao ni wa kuogopa kuliko yote kwa sababu ya dawa tunazomeza. Unaitwa strongiloidesi, katika laboratware zetu wengi wanausema kwa Kifaransa, angiyili. Unaingia kwa ngozi ya muguu, kwenye udongo wenye maji na choo cha watu. Unafanya safari ya mapafu sawa askarisi, unakaa ndani ya utumbo mudogo. Tofauti yake ni hii: watoto wake wanaweza kukomaa humohumo tumboni na kutoboa tena utumbo ao ngozi ya karibu na haja kubwa, wakaanza safari upya. Mutu hahitaji kukanyaga udongo tena. Ule munyoo unajizalisha ndani yake kwa miaka kumi, ishirini, ao zaidi. Kinachouzuia usijaze mwili ni ile jeshi tuliyosema: IgE, bazofili, eozinofili.

Tuchukue mufano wa baba mumoja wa miaka 42, mulimaji wa mupunga katika uwanda wa Ruzizi. Ni mufano wa kuonyesha namna mambo yanavyotembea, lakini waganga wa huko wataitambua hadisi hii. Kila musimu anasimama katika maji ya shamba bila viatu. Kwa mwaka muzima anasumbuliwa na kikohozi na filimbi za usiku. Tumbo linamuchoma juu ya kitovu, wanamupa dawa ya vidonda vya tumbo. Tena kuna jambo anasema kwa haya: mara kwa mara kwenye matako na mapaja kunatokea mustari mwekundu unaowasha, unatembea kwa saa chache, kesho haupo. Anaambiwa ni alerji.

Kwenye kituo wanapima. GB 9.200, E 24. Fanya hesabu: 9.200 mara 24, gawa mia, ni eozinofili 2.208. Choo kilipimwa mara moja: amiba. Anapewa metronidazoli, na kwa sababu kifua kinalia, anapewa deksametazoni ya vidonge, ile watu wanaita deksa.

Siku tatu anajisikia mutu mupya. Filimbi zimenyamaza, kuwasha kumeisha, hamu ya kula imerudi. Anaendelea kununua deksa mwenyewe, bila karatasi, siku kumi, kumi na tano. Deksa haiko ngumu kupata. Kuna na watu wanaoimeza ili wanone tu. Anarudi kupima, GB 11.000, E 2. Hiyo ni 220. Kila mutu anafurahi: alerji imepona.

Haijapona. Deksa, prednizoloni na ndugu zao zote za kortikoidi zinashusha eozinofili katika damu ndani ya saa chache. Zinafukuza zile ziko njiani, zinazima ule ujumbe wa interlekini 5, zinaua eozinofili zenyewe. Namba imeshuka kwa sababu jeshi limeondolewa, si kwa sababu adui amekufa. Na kwa upande wa strongiloidesi, mulango umefunguliwa. Watoto wa munyoo wanakomaa kwa wingi ndani ya tumbo, kila siku zaidi.

Juma la tatu baba anaanza kuhara, tumbo linavimba, anatapika, kikohozi kinarudi kikiwa kibaya zaidi. Bahati yake, infirmye aliyemupokea aliomba karatasi ya zamani. Aliona E 24 na E 2 pembeni moja ya ingine, akauliza swali moja: katikati ya hizi mbili ulikunywa dawa gani? Kiisha akauliza juu ya ule mustari wa matakoni. Mustari unaotembea haraka hivyo, sentimita tano mpaka kumi na tano kwa saa moja, ni njia ya munyoo chini ya ngozi, na karibu hakuna kitu kingine kinachofanya vile. Angeuliza mara ya kwanza, deksa isingetolewa.

Kama haingekuwa hivyo, mwendo unajulikana. Watoto wa munyoo wanatoboa utumbo kwa maelfu, wanaingia kwenye mapafu, ini, hata ubongo, na wanabeba juu yao bakteria za choo mpaka ndani ya damu. Mugonjwa anafika hospitali na homa kali, sepsi ao menenjiti, wanamutunza kwa antibiotiki bila kujua nani aliyeleta zile bakteria. Bila dawa ya munyoo, karibu wote wanakufa. Na eozinofili zake siku ile mara nyingi ziko chini ao hazipo kabisa. Mwenye kungoja E ipande ili aamini minyoo atakuwa amechelewa. Wakati wa korona, mwaka 2020, deksametazoni ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa wengi, waganga wa dunia walikumbushana jambo hili kwa mutu yeyote aliyeishi katika inchi za joto.

Namna gani wanautafuta ule munyoo? Choo cha kawaida, tone moja chini ya mikroskopi, kinaukosa mara nyingi, kwa sababu watoto wake ni wachache na hawatoke kila siku. Tena strongiloidesi haionyeshe mayai katika choo, inaonyesha watoto wanaotembea. Kuna njia isiyo na bei inayoitwa Bermani. Unachukua choo kibichi cha leo, kiasi cha kijiko kikubwa ao zaidi, unakifunga ndani ya gazi, unakiweka juu ya faneli iliyojaa maji ya vuguvugu, ikiwa na mupira umefungwa chini. Watoto wa munyoo wanapenda joto na maji, wanatoka wenyewe ndani ya choo na kushuka chini. Kiisha saa moja ao mbili unafungua mupira, unachukua maji ya chini, unazungusha ao unaacha yatulie, unaangalia kwenye mikroskopi: wanajinyonganyonga sawa nyoka wadogo. Kosa kubwa ni kuweka choo ndani ya friji ao kungoja mpaka kesho, watoto wanakufa na hawashuke. Kosa lingine ni kukichanganya na watoto wa ankilostomi, ambao wanatoka mayai kama choo kimekaa sana kwa joto. Na kupima mara moja bila kuona haitoshe. Afazali siku tatu tofauti.

Kwa yule baba, Bermani ya pili ilionyesha. Deksa ikapunguzwa na kusimamishwa kwa uangalizi wa muganga. Dawa ya strongiloidesi ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Baba alikuwa na kilo 60, hiyo ni miligramu 12, ni kusema vidonge vine vya miligramu 3, siku mbili mufululizo, na muganga akarudilia kiisha juma mbili. Mebendazoli ao albendazoli ya kidonge kimoja, ile watoto wanapewa shuleni, ni nzuri kwa askarisi, inasaidia kwa ankilostomi, lakini haitoshe kwa strongiloidesi. Mutu anaweza kusema kweli kabisa «nilikunywa dawa ya minyoo mwezi uliopita» na munyoo wake bado uko pale. Kama ivermektini haipo, albendazoli inatolewa miligramu 400 mara mbili kwa siku, siku saba, na hata vile inashinda mara chache kuliko ivermektini.

Mbele ya kumupa, muganga alimuuliza kama amewahi kuishi katika pori kubwa, pande za Tshopo, Bas-Uele ao Ituri. Sababu ni loaloa, filaria ya misitu, ile munyoo ambao mara moja moja unaonekana ukipita juu ya jicho, ao unaleta uvimbe wa mukono unaotokea na kuisha. Ikiwa mutu ana loaloa nyingi sana katika damu, ivermektini inaziua kwa mara moja na ubongo unaweza kuumia mpaka kukosa fahamu. Kwa mutu wa fasi zile, damu inapimwa kwanza, na inachukuliwa katikati ya mchana, kati ya saa ine asubui na saa tisa, kwa sababu usiku watoto wa loaloa hawatembee katika damu ya ngozi. Kwa hiyo ivermektini si dawa ya kununua njiani na kumeza kwa sababu jirani ilimusaidia. Mama mwenye mimba na mutoto asiyefika kilo 15 hawapewe bila muganga kuamua.

Si kila E kubwa ni munyoo, lazima kulisema. Dawa zenyewe zinaweza kuipandisha. Kotrimoksazoli, ambayo wagonjwa wengi wa VVU wanakunywa kila siku, neviraipini, na karbamazepini ya kifafa, zinaweza kuleta hali mbaya majuma mbili mpaka munane kisha kuanza: homa, vipele mwili mzima, uso kuvimba, tezi kuvimba, ini kuumia, na eozinofili juu. Hapo mutu asitafute dawa ya minyoo, arudi hospitali siku ileile na dawa zote anazokunywa mukononi, kwa sababu kuendelea na ile dawa kunaweza kumuua. Kuna pia kansa za damu. Na hapa bazofili, tulizoziacha bila kazi kwenye karatasi, zinapata maana: B ikiwa 5, 8 ao zaidi, imehesabiwa kwa makini, pamoja na GB nyingi sana na bandama kubwa, inaleta mashaka ya lesemi ya myeloidi ya kudumu. Alerji na minyoo haipandishe bazofili vile katika damu. Kwa hizo, bazofili zinafanya kazi yao nyingi katika nyama, na hesabu ya damu inabaki karibu na sufuri. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba chembe inayowasha mwili muzima haionekane kwenye karatasi.

Kisha matunzo, watu wengi wanarudi kupima haraka sana na kuvunjika moyo. Siku za kwanza, minyoo ikikufa, ngozi na nyama yake inamwagika katika mwili, eozinofili zinaweza kupanda zaidi kuliko mwanzo, na kuwasha kunaongezeka. Haimaanishe dawa imekataa. Kushuka kunaanza kwa majuma, na kunafika mwisho kwa miezi. Yule baba alipimwa kiisha miezi mitatu: GB 7.000, E 5, ni kusema 350. Kifua hakilie tena usiku, na mustari wa matakoni haujarudi. Infirmye alimuomba arudi tena kiisha miezi sita, na Bermani ingine, kwa sababu munyoo mumoja tu uliobaki unatosha kuanzisha kabila upya. Baba alisema atanunua botini kwa musimu unaokuja.